Mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji wa ualbino: nani aliwapima?

*"Shikamoo daktari. Kaka yangu wa tumbo moja ana ualbino, mimi sina. Nimechumbiwa, lakini mama mkwe mtarajiwa ana wasiwasi. Anasema kwao hajawahi kuzaliwa mtoto mwenye ualbino tangu enzi za mababu, kwa hiyo akizaliwa atakuwa ametoka kwangu. Nimesoma kwamba Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino na mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji. Mbebaji haonekani kwa macho, sasa hao wabebaji walipimwa na nani? Na mimi nikizaa, uwezekano ni upi?"*

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyewapima. Namba ya 1 kati ya 19 haikutoka maabara, ilitoka kwenye karatasi. Mtu alichukua ile 1 kati ya 1,400, akapiga hesabu ya hatua tatu, na 19 ikajitokeza. Nitakupitisha kwenye hatua hizo polepole ili uweze kuzirudia mwenyewe, halafu nikuonyeshe zinapoaminika na zinapokwama, maana jibu la swali lako la mwisho limesimama juu yake.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi huku kwetu Afrika Mashariki na Kusini inatokana na jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, ambayo mwili unaihitaji ili kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho. Nakala moja nzima inatosha kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye nakala moja nzima na moja yenye hitilafu ana rangi kama ndugu zake, na hawezi kujua ana nini ndani yake. Huyo ndiye mbebaji. Mwenye hitilafu kwenye nakala zote mbili ndiye anayezaliwa na ualbino. Wataalamu huiita ile nakala yenye hitilafu aleli fichu, kwa sababu ikikutana na nakala nzima hujificha nyuma yake.

Ninapofundisha jambo hili huwa naingia darasani na bakuli la maharage. Maharage mekundu ni nakala nzima, meupe ni zile zenye hitilafu, na bakuli ni jamii nzima. Mwanafunzi anafumba macho, anachota haragwe moja, hilo ni la baba. Analirudisha, anakoroga, anachota jingine, hilo ni la mama. Hayo mawili ndiyo mtoto aliyezaliwa. Sasa swali ninalowauliza ni hili: ukiambiwa kwamba maharage mawili meupe hutokea mara 1 tu katika kila kuchota mara 1,400, je, unaweza kujua meupe ni mangapi bakulini bila kuyahesabu?

Unaweza. Meupe mawili hutokea pale bahati ileile inapojirudia mara mbili: jeupe, halafu jeupe tena. Kama nafasi ya kupata jeupe mara moja tunaiita q, nafasi ya kulipata mara mbili ni q mara q. Hiyo ndiyo 1 kati ya 1,400. Kwa hiyo tunatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 1,400, yaani kipeuo cha pili cha 1,400. Ni 37 na chembe kidogo, maana 37 mara 37 ni 1,369. Basi katika kila maharage 37 bakulini, jeupe ni moja. Hatua ya kwanza imekwisha, na tayari umejua kiasi cha aleli katika jamii bila kumtoboa mtu kidole.

Hatua ya pili ni rahisi: kama jeupe ni 1 kati ya 37, jekundu ni 36 kati ya 37. Nafasi hii ya nakala nzima huitwa p.

Hatua ya tatu ndiyo ya wabebaji, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Mbebaji ana moja jekundu na moja jeupe, lakini kuna njia mbili za kuwa hivyo: jeupe litoke kwa baba na jekundu kwa mama, au kinyume chake. Kwa hiyo tunazidisha 36/37 kwa 1/37, kisha tunazidisha kwa 2. Jibu ni 72 kati ya 1,369. Gawanya 1,369 kwa 72 na utapata 19. Ndiyo hiyo namba uliyoisoma.

Kwa herufi, mambo yote haya huandikwa hivi:

```
p + q = 1
p² + 2pq + q² = 1
```

ambapo p² ni wasio na aleli hiyo kabisa, 2pq ni wabebaji na q² ni wenye ualbino. Lakini mimi napenda ubaki na watu badala ya herufi. Fikiria mtaa wenye watu 1,369. Mmoja ana ualbino. Sabini na wawili ni wabebaji. Waliobaki, 1,296, hawana aleli hiyo hata kidogo. Sasa hesabu nakala zenye hitilafu mtaani hapo: mwenye ualbino anazo 2, wabebaji wanazo 72, jumla 74. Yaani karibu zote zimo ndani ya watu ambao hakuna anayewadhania.

Hapo ndipo panapomhusu mama mkwe wako, na naomba umfikishie kwa heshima. Kuwa na wasiwasi juu ya wajukuu si kosa. Ila hoja yake kwamba kwao haujawahi kuonekana haithibitishi kwamba kwao haupo. Mbebaji akioa mtu asiye mbebaji, watoto wao hawawezi kuzaliwa na ualbino. Kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kuichukua aleli hiyo na kuipeleka mbele kimyakimya. Kwa kuwa watu 18 kati ya 19 si wabebaji, aleli inaweza kushuka kutoka babu hadi kitukuu bila kuonekana hata mara moja. Inaonekana tu siku wabebaji wawili wanapokutana, na hata hapo kila mtoto ana nafasi ya robo tu. Zaidi ya hayo, mtoto mwenye ualbino hawezi "kutoka kwako". Lazima apokee nakala moja kwako na nyingine kwa mumeo. Kama familia yao haina aleli hiyo kweli, hutazaa naye mtoto mwenye ualbino wa aina hii hata kama wewe ni mbebaji.

Kuna jambo jingine husemwa mitaani, tena wakati mwingine kwa ukatili: kwamba watu wenye ualbino wasipozaa, ualbino utaisha. Turudi kwenye mtaa wetu wa watu 1,369 na tudhani, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba yule mmoja hakuzaa. Nakala zake 2 zimetoka bakulini. Zimebaki zenye hitilafu 72 katika jumla ya 2,736, yaani 1 kati ya 38. Kizazi kizima kimepita na tumetoka 1 kati ya 37 kwenda 1 kati ya 38. Endelea hivyo vizazi 10, ambayo ni miaka kama 250, na bado utakuwa na 1 kati ya 47. Anayemnyanyasa mtu mwenye ualbino kwa kisingizio cha kulinda ukoo hajui kwamba, kwa uwezekano mkubwa zaidi, aleli anayoiogopa imekaa kwa majirani zake 72, na huenda imo ndani yake mwenyewe.

Hili la kutobadilika ndilo lililoipa hesabu hii jina lake. Mwaka 1908 baadhi ya wasomi Uingereza walikuwa wakibishana kama sifa inayotawala ingeenea polepole hadi kuimeza ile iliyofichika. Mwanajenetiki Reginald Punnett alimpelekea swali hilo G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, naye akaonyesha kwa aljebra ya kurasa chache kwamba hapana: watu wakioana bila kujali jeni hiyo, na pasipo kitu kingine kinachoivuruga, uwiano unabaki palepale kizazi baada ya kizazi. Mwaka huohuo daktari mmoja wa Stuttgart, Wilhelm Weinberg, alikuwa ameshafika kwenye jibu lilelile kwa njia yake. Ndiyo maana tunasema msawazo wa Hardy na Weinberg. Kukoroga bakuli hakubadilishi idadi ya maharage meupe.

Sasa tujiulize kama 19 ni namba ya kuaminika. Mimi huipima kwanza kwa kuangalia ugonjwa ambao wabebaji wake wanaweza kupimwa kweli. Selimundu ni mfano mzuri, kwa sababu kipimo cha damu kinamtambua mbebaji waziwazi. Nchini kwetu hukadiriwa kuwa watoto 6 hadi 8 katika kila 1,000 huzaliwa na selimundu. Tuchukue 7, ambayo ni karibu na 1 kati ya 144. Kipeuo chake ni 12, basi aleli ni 1 kati ya 12, na wabebaji ni 2 mara 11 kati ya 144, yaani asilimia 15. Vipimo vya damu katika sehemu mbalimbali za nchi hutaja wabebaji wa asilimia 13 hadi 20. Karatasi na maabara zimekutana palepale, jambo linalonipa moyo kuitumia njia hii hata pale ambapo maabara haijafika.

Angalia lakini nimesema "huzaliwa". Zamani watoto wengi wenye selimundu walifariki kabla ya miaka 5. Ungewahesabu watu wazima kwenye foleni ya benki ukachukua kipeuo, ungepata jibu la uongo kabisa, kwa sababu waliokufa hawamo kwenye hesabu yako lakini wabebaji waliowazaa bado wapo. Kanuni inahitaji idadi ya wanaozaliwa, kabla maisha hayajachuja. Watu wengine hudhani kwamba malaria ikiwapendelea wabebaji wa selimundu basi kanuni yote imevunjika. Haijavunjika kwa hesabu ya watoto wachanga, maana kila kizazi kipya huanza kwa kuchota upya bakulini, vyovyote bakuli lilivyofika hapo.

Kwa ualbino tatizo la kuhesabu ni zito kuliko la kanuni yenyewe. Ile 1 kati ya 1,400 inatokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1985, uliotumia watu wenye ualbino wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012, iliyouliza kuhusu ualbino, ilipata watu zaidi ya 16,000 katika taifa la watu karibu milioni 45, sawa na 1 kati ya 2,700 hivi. Tofauti ni karibu maradufu. Ipi ni sahihi? Kwenye sensa, familia inayoogopa usalama wa mtoto wake inaweza isimtaje, na saratani ya ngozi huwachukua wengi mapema, kwa hiyo sensa huelekea kupunguza. Hesabu ya mji mkubwa nayo inaweza kuzidisha, kwa sababu watu husafiri kufuata kliniki na usalama. Mimi naamini ukweli uko katikati, na sitakudanganya kwa kukutajia namba moja kana kwamba ndiyo ya mwisho.

Habari njema ni kwamba kipeuo hupunguza makali ya kosa. Kipeuo cha 2,700 ni kama 52, kwa hiyo wabebaji wanakuwa 1 kati ya 26 au 27. Umeona? Idadi ya wenye ualbino imepungua kwa nusu, lakini wabebaji wametoka 1 kati ya 19 kwenda 1 kati ya 26 tu. Afrika Kusini, utafiti uliofanyika Soweto na kuchapishwa mwaka 1982 ulipata mtu 1 kati ya 3,900, na ukipiga hesabu hiyohiyo unapata mbebaji 1 kati ya 32. Tofauti ya idadi ya wagonjwa ikionekana kubwa sana kati ya nchi na nchi, ya wabebaji huwa ndogo kuliko unavyodhani.

Sharti la pili la kanuni ni kwamba tunazungumza juu ya jeni moja. Ualbino una jeni zaidi ya moja zinazoweza kuusababisha, na ushahidi wake unaonekana kwenye familia: mara chache wazazi wawili wenye ualbino huzaa mtoto mwenye rangi kamili, kwa sababu hitilafu ya baba iko kwenye jeni moja na ya mama kwenye nyingine, na mtoto amepata nakala nzima ya kila moja. Ukizichanganya aina hizo kwenye kapu moja na kuchukua kipeuo, umezidisha kiasi cha kila aleli. Kwa Tanzania kosa hili si kubwa, kwa kuwa wengi mno ni wa OCA2. Lakini mtu akikuletea hesabu kama hii kwa uziwi wa kuzaliwa nao, ambao una jeni nyingi sana, mkatalie. Mkatalie pia akiitumia moja kwa moja kwa hitilafu zinazofuata kromosomu ya X, kama kutotofautisha nyekundu na kijani. Wanaume wana X moja tu, hivyo idadi ya wanaume wenye hali hiyo ndiyo kiasi cha aleli chenyewe. Hapo hakuna kipeuo cha kuchukua.

Sharti la tatu ndilo linalogusa ndoa yako moja kwa moja: bakuli liwe limekorogwa. Nchi yetu si bakuli moja. Watu huoa jirani, huoa kabila, huoa ndugu. Kwenye jamii iliyojifunga, kama Watonga wa bonde la Zambezi huko Zimbabwe, watafiti walikuta mtu 1 kati ya 1,000 mwenye ualbino, mara kadhaa ya maeneo mengine ya nchi hiyo. Wastani wa taifa unaficha vitu kama hivyo. Kama mchumba wako anatoka kwenye kijiji chenye familia kadhaa zenye watoto wenye ualbino, 1 kati ya 19 si namba yake. Yake ni kubwa zaidi.

Haya, tupige yako. Kaka yako ana ualbino, kwa hiyo baba na mama yenu wote wawili ni wabebaji kwa hakika. Wazazi kama hao wana njia nne za kupata mtoto: nakala nzima mbili, nzima ya baba na mbovu ya mama, mbovu ya baba na nzima ya mama, au mbovu mbili. Wewe huna ualbino, basi ile ya nne tunaifuta. Zimebaki tatu, na katika mbili kati ya hizo wewe ni mbebaji. Nafasi yako ni 2 kati ya 3. Wengi wangesema nusu, lakini ni theluthi mbili.

Mchumba wako, kama si ndugu yako na kwao hakuna mwenye ualbino, ana nafasi ya 1 kati ya 19. Tena kwa kuwa yeye mwenyewe hana ualbino, tunamtoa yule mmoja kwenye mtaa wetu: 72 kati ya 1,368, ambayo ni 1 kati ya 19 kamili. Kama wote wawili ni wabebaji, kila mtoto ana nafasi ya robo. Zidisha zote tatu: 2/3 mara 1/19 mara 1/4. Inatoka 1 kati ya 114. Ukitumia namba ya sensa inakuwa kama 1 kati ya 160. Basi nafasi ya kila mtoto wenu kuzaliwa na ualbino, kabla ya kipimo chochote, ni chini ya asilimia 1. Ni kubwa kuliko ya wanandoa wasio na historia kama yako, hilo ni kweli. Lakini weka upande wa pili pia: kati ya watoto 114 wa wanandoa walio kama ninyi, 113 tunatarajia wazaliwe bila ualbino.

Mwaka fulani alinijia dada mwenye historia kama yako neno kwa neno. Nikampigia hesabu hii, akapumua. Alipokuwa amesimama kuondoka akasema, "Tena afadhali ni mtoto wa mjomba, namjua vizuri." Nikamwomba akae tena. Mama yake ni mbebaji kwa hakika. Kaka wa mama, yaani huyo mjomba, ana nafasi ya nusu kuwa na aleli ileile, na mtoto wake ana robo, bila hata kuhesabu anachoweza kupata kwa mama yake mzazi. Sasa zidisha: 2/3 mara 1/4 mara 1/4. Ni 1 kati ya 24. Tumetoka asilimia chini ya 1 hadi zaidi ya 4, kwa sababu namba ya taifa haikumhusu tena huyo bwana. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza, kabla sijagusa kalamu, ni kama wachumba wana undugu wowote, hata wa mbali. Nawe naomba ulijibu hilo kwa ukweli, na waulize wazee, maana undugu wa upande wa bibi husahaulika haraka.

Je, kipimo kipo? Kipo, japo si cha kila hospitali, na huenda sampuli ikalazimika kusafirishwa. Hitilafu iliyo ya kawaida zaidi kwenye OCA2 kwa Waafrika ni kipande kilichokatika, chenye urefu wa herufi kama 2,700 za DNA, kilichoelezwa na watafiti mwaka 1994. Kwa Watanzania wenye ualbino wa aina hii, karibu robo tatu ya nakala zenye hitilafu ni hicho kipande. Robo iliyobaki ni hitilafu nyinginezo ambazo kipimo hicho hakizioni. Kwa hiyo mchumba wako akipimwa na kipande kisionekane, hajawa salama kwa asilimia 100. Hesabu inakwenda hivi: kati ya kila watu 76 walio kama yeye, wabebaji ni 4, kipimo kitawakamata 3 na kumwacha 1 pamoja na wale 72 wasio wabebaji. Nafasi yake inashuka kutoka 1 kati ya 19 hadi 1 kati ya 73, na nafasi ya mtoto wenu inashuka hadi 1 kati ya 438. Mtu akikuambia "majibu ni hasi, hakuna kitu," ujue amekupunguzia maneno.

Kwa baadhi ya watu nafasi ya 1 kati ya 114 haihitaji kipimo chochote, na mimi siwashinikizi. Mtoto mwenye ualbino aliyelindwa na jua tangu siku za mwanzo, akavalishwa kofia na mikono mirefu, akapakwa mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa Moshi, akapelekwa kliniki ya macho kabla ya kuanza shule na akakaa dawati la mbele, anasoma na kuzeeka kama wenzake. Wewe umekua na kaka yako, unalijua hilo kuliko mimi. Uamuzi wa kupima ni wenu wawili, si wa mama mkwe wala wangu.

Lakini nenda ukaonane na mtaalamu ana kwa ana, bila kusubiri ujauzito, kama kuna undugu kati yenu, kama kwa mchumba wako kuna hata mtu mmoja aliyewahi kuzaliwa na ualbino, au kama kaka yako ana dalili nyingine zisizo za ualbino wa kawaida, kama kuvuja damu ovyo au kuvilia kirahisi, kwa sababu hapo huenda tunazungumza juu ya ugonjwa mwingine kabisa. Anzia kwa daktari wa watoto au wa ngozi katika hospitali ya rufaa, naye atakuelekeza panapotolewa ushauri wa kijenetiki. Nenda na mchoro wa familia wa vizazi vitatu, pande zote mbili, ukiwa umeandika waliokufa wachanga pia.

Na kama mtaamua kupima, usikimbilie kupimwa wewe. Mwombe kaka yako, akiridhia, apimwe wa kwanza. Akikutwa na kile kipande kwenye nakala zake zote mbili, basi tunajua hasa tunachotafuta kwako, na jibu lako litakuwa ndiyo au hapana bila mashaka. Akikutwa nacho kwenye nakala moja tu, au asikutwe nacho kabisa, kipimo chako kikitoka hasi hakitakuambia mengi hadi hitilafu yake nyingine itafutwe na kupatikana.